Faida ya kubadilishana riba inatoka wapi, na nani anaibeba

Tangu Benki Kuu ya Tanzania ilipoishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75 mwezi Julai 2025, hapa Tanga nimekuwa nikisikia mazungumzo ambayo zamani yasingetoka nje ya ofisi za mabenki. Mwenye mkopo wa riba isiyobadilika anajiona amefungwa kamba, na mwenye mkopo wa riba inayopanda na kushuka anajiona ameotea. Katikati yao wameingia washauri wenye jedwali dogo la namba nne, wanaosema kwamba kampuni mbili zinaweza kubadilishana riba zao na zote mbili zikatoka na nafuu. Wapo wanaoliamini jedwali hilo kama hirizi, na wapo wanaoliita kamari yenye tai shingoni. Nadhani pande zote mbili zimelisoma vibaya. Hesabu ya jedwali ni sahihi: nafuu ipo, na mmoja haichukui mfukoni mwa mwenzake. Lakini jedwali halisemi nafuu hiyo ni malipo ya nini. Sehemu yake kubwa, mara nyingi, ni bei ya hatari ambayo haikufutika bali imehama mahali, na kwa hiyo kuigawa nusu kwa nusu si lazima kuwe ndiyo haki.

Kwanza tuiweke sawa habari yenyewe. Januari 2024 Benki Kuu iliacha kuongoza uchumi kwa kupima wingi wa fedha ikaanza kutumia riba. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili ya mwaka huo ikapanda hadi 6, na ndiyo iliyoshuka hadi 5.75. Riba hiyo inalenga bei ya fedha ambazo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa siku chache. Si riba ya mkopo wa mfanyabiashara wa Ngamiani wala si riba ya hatifungani ya miaka kumi. Ukitaka kuona umbali uliopo, tazama hatifungani ya kijani ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, iliyozinduliwa Februari 2024 kutafuta shilingi bilioni 53.12: riba yake ni asilimia 13.5 kwa mwaka, haibadiliki, kwa miaka kumi. Kati ya asilimia 5.5 ya Benki Kuu ya wakati huo na 13.5 kuna urefu wa muda, kuna hofu ya mkopeshaji, na kuna gharama ya kumfungia fedha zake. Robo ya asilimia iliyopunguzwa na Benki Kuu haivuki umbali huo kwa siku moja, na anayekimbilia kubadilisha mkataba wake kwa sababu ya robo hiyo hajajua anabadilisha nini.

Sasa mkataba wenyewe. Kampuni mbili zina mikopo ya kiasi kilekile, moja kwa riba isiyobadilika, nyingine kwa riba inayofuata riba rejea fulani ya soko, tuseme riba ya dhamana za Serikali za siku 364, pamoja na nyongeza ya mkopeshaji. Hawabadilishani mikopo, wala hawabadilishani mtaji. Kila mmoja anabaki na deni lake na mkopeshaji wake, ambaye huenda hata hana habari. Wanachobadilishana ni malipo ya riba yanayokokotolewa juu ya kiasi walichokubaliana kwenye karatasi: huyu anamlipa yule kwa kiwango kilichofungwa, yule anamlipa huyu kwa riba rejea, na kila baada ya miezi sita anayedaiwa zaidi analipa tofauti tu.

Nichukue mfano wa kubuni, ila wa hapa kwetu. Kampuni ya kwanza, tuiite Maghala, inahifadhi mizigo karibu na bandari, ina vitabu safi na mabenki yanaipenda. Ya pili, tuiite Kamba, inasokota kamba za mkonge huko Korogwe, ina mashine kuukuu na wateja wazuri, lakini hesabu zake ziliwahi kuyumba. Kila moja inahitaji shilingi bilioni 10 kwa miaka mitano. Maghala ikitaka riba isiyobadilika inapewa asilimia 12, ikitaka inayobadilika inapewa riba rejea na nyongeza ya asilimia 4. Kamba ikitaka isiyobadilika inatajiwa asilimia 15.5, ikitaka inayobadilika inatajiwa riba rejea na nyongeza ya 5.5. Hizo ndizo namba nne za jedwali. Maghala inapata bei nzuri kuliko Kamba kote kuwili. Mtu wa haraka ataona mchezo umekwisha hapo: mwenye nguvu ana nini cha kupata kwa mnyonge?

Jibu alilitoa David Ricardo mwaka 1817, alipokuwa akieleza kwa nini Ureno, ambayo katika mfano wake ilitengeneza nguo na mvinyo kwa kazi pungufu kuliko Uingereza, bado ilifaidika kununua nguo za Waingereza. Kinachohesabika si nani bora, bali nani kazidiwa kidogo zaidi wapi. Kamba imezidiwa kwa asilimia 3.5 kwenye riba isiyobadilika, lakini kwa 1.5 tu kwenye inayobadilika. Faida yake linganishi iko kwenye riba inayobadilika, na ya Maghala iko kwenye isiyobadilika. Ikiwa kila mmoja anatamani kile asichokuwa na faida linganishi nacho, hapo ndipo biashara inapozaliwa. Na katika mfano huu ndivyo ilivyo. Kamba imesaini kuuza kamba kwa bei moja kwa miaka kadhaa, haiwezi kustahimili riba itakayoruka, inataka isiyobadilika. Maghala ina akiba iliyowekwa kwenye dhamana za Serikali za muda mfupi. Riba zikishuka mapato yake yanashuka, kwa hiyo inapenda na deni lake lishuke nayo.

Kila mmoja akienda kivyake kwenye anachotaka, Maghala italipa riba rejea na 4, Kamba italipa 15.5. Jumla yao ni riba rejea na 19.5. Kila mmoja akienda pale alipo na faida linganishi, Maghala inakopa kwa 12 na Kamba inakopa kwa riba rejea na 5.5. Jumla ni riba rejea na 17.5. Zimeokolewa asilimia 2, yaani tofauti ya tofauti zile mbili, 3.5 kutoa 1.5. Kwa mkopo wa bilioni 10 hiyo ni shilingi milioni 200 kila mwaka. Kilichobaki ni kila mmoja apate aina ya riba anayoitaka, na hiyo ndiyo kazi ya mkataba wa kubadilishana. Tuseme Kamba inailipa Maghala asilimia 9 isiyobadilika, na Maghala inailipa Kamba riba rejea tupu. Maghala inatoa 12 kwa benki yake, inapokea 9, inatoa riba rejea: gharama yake ni riba rejea na 3, badala ya na 4. Kamba inatoa riba rejea na 5.5 kwa benki yake, inapokea riba rejea, inatoa 9: gharama yake ni 14.5, badala ya 15.5. Kila mmoja ameokoa asilimia moja, milioni 100 kwa mwaka.

Lakini hiyo 9 haikushuka kutoka mbinguni. Ikishuka chini ya 8, Maghala haina sababu ya kukaa mezani, maana itakuwa inalipa zaidi ya ile riba rejea na 4 ambayo ingeipata yenyewe. Ikipanda juu ya 10, Kamba inaondoka, maana itapita 15.5. Kati ya 8 na 10 kote ni mahali pa maelewano, na kila sehemu ya kumi ya asilimia inahamisha shilingi milioni 10 kwa mwaka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Faida linganishi inakuambia ukubwa wa sahani. Haikuambii nani anakula kiasi gani. Hapa ndipo washauri wengi wanapoteleza, kwa kuandika mgawo wa nusu kwa nusu kana kwamba ni kanuni ya hisabati. Katika masoko makubwa hata nafasi ya kuvutana ni ndogo, kwa sababu bei ya kubadilisha riba ya miaka mitano hutangazwa kila siku na mabenki yanayoshindana. Hapo mgawo unatokea wenyewe kulingana na bei ya siku inaangukia wapi kati ya mipaka ile miwili. Kwetu, ambako wa kufanya mikataba hii ni wachache, mgawo utatokana na nani ana haraka na nani ana mtu mwingine wa kumwendea. Maghala inaweza kupata mwenza mwingine kesho. Kamba labda haiwezi. Nisingeshangaa kuona 9.6 badala ya 9.

Na mara nyingi hawatakutana uso kwa uso. Benki itakaa katikati, ifanye mkataba mmoja na kila upande, ichukue tofauti. Tuseme inapokea 9.2 kutoka Kamba na kuilipa Maghala 8.8. Maghala inaishia riba rejea na 3.2, Kamba inaishia 14.7, kila mmoja ameokoa 0.8, na benki imebaki na 0.4, ambayo ni milioni 40 kwa mwaka. Jumla bado ni 2. Wapo wanaoiona hiyo milioni 40 kuwa ni unyonyaji wa dalali. Nitairudia hesabu hiyo baadaye, kwa sababu nadhani katika mfano huu benki ndiyo pekee iliyoitazama hatari machoni.

Sasa hoja za wapinzani. Iliyo nyepesi zaidi, na inayorudiwa zaidi, ni kwamba huu ni mchezo ambao lazima mmoja apoteze. Wanasema: riba ikipanda Maghala italia, ikishuka Kamba italia, kwa hiyo nafuu ya pande zote mbili ni maneno ya kuuzia. Hoja hii inachanganya maswali mawili. La kwanza ni riba itaelekea wapi. Katika hilo ni kweli, ndani ya mkataba anachopokea mmoja ndicho anachotoa mwingine. Riba rejea ikiwa asilimia 6, Kamba inadaiwa tofauti ya 3, yaani milioni 150 kwa kila miezi sita. Ikiruka hadi 11, ni Maghala inayodaiwa 2, milioni 100 kwa miezi sita. Riba ikikaa 6 kwa miaka yote mitano, Kamba itakuwa imelipa bila kupokea hata senti, na mhasibu wake atatamani wangeacha mkopo wao kama ulivyokuwa. Lakini Kamba haikuwa inachagua kati ya mkataba huu na riba inayobadilika. Ilishakataa riba inayobadilika kwa sababu ya biashara yake. Ilikuwa inachagua kati ya 14.5 kwa njia hii na 15.5 kwa njia ya moja kwa moja, na riba ikienda popote inapotaka, tofauti hiyo ya asilimia moja haitikisiki. Hilo ndilo swali la pili, la gharama ya kukopa kwa aina ya riba uliyoitaka, na huko wote wawili wanaweza kupata nafuu. Anayesema ni kamari amepima mkataba peke yake, akausahau mkopo ulio nyuma yake.

Hoja yenye uzito ni nyingine, na niliisikia ikisemwa kwa ufupi kuliko ningeweza mimi, barazani, na mzee mmoja mfanyabiashara wa nafaka: "Kama nyote wawili mmepungukiwa kulipa, basi yupo aliyepungukiwa kupokea. Ni nani huyo, na kwa nini amekubali?" Ni wakopeshaji. Wao kwa pamoja wanapokea asilimia 2 pungufu ya walivyokuwa wapokee. Nao si wajinga. Kwa nini mkopeshaji wa riba isiyobadilika anaitoza Kamba 3.5 zaidi ya Maghala, na mkopeshaji wa riba inayobadilika anaitoza 1.5 tu, wakati Kamba ni ileile?

Jibu limo kwenye kurasa za nyuma za mikataba ya mikopo, zile ambazo watu husaini bila kuzisoma. Mkopeshaji wa riba isiyobadilika amejifunga miaka mitano. Kamba ikidhoofika mwaka wa pili, yeye ameshakwama na 15.5 yake. Anadai ziada kubwa mapema kwa sababu hana nafasi ya kuidai baadaye. Mkopeshaji wa riba inayobadilika mara nyingi ana mlango: kifungu kinachomruhusu kupitia upya nyongeza yake kila mwaka, au mkopo wenyewe ni wa mwaka mmoja unaohuishwa. Kwake 1.5 ni bei ya hatari ya mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja si muda mrefu wa kampuni kufilisika. Kwa hiyo namba nne za jedwali hazipimi kitu kimoja. Mbili ni bei za miaka mitano, mbili huenda ni bei za mwaka mmoja zilizovalishwa miaka mitano. Tofauti ya tofauti ambayo tumeiita nafuu ina, ndani yake, bei ya mlango huo.

Angalia kinachotokea mlango ukifunguliwa. Kamba imeingia mkataba kupitia benki na inajihesabia 14.7. Mwaka wa pili mteja wake mkubwa anachelewesha malipo, benki iliyomkopesha inapitia vitabu, na nyongeza inapanda kutoka 5.5 hadi 7. Mkataba wa kubadilishana riba haujui habari hiyo. Wenyewe unailetea Kamba riba rejea tupu, na si nyongeza. Gharama ya Kamba sasa ni 7 na 9.2, jumla 16.2, juu ya ile 15.5 iliyoikimbia. Ilidhani imenunua riba isiyobadilika. Ilichofunga ni ile sehemu inayofuata soko, na sehemu inayofuata afya yake yenyewe imebaki wazi. Nafuu yote inaliwa nyongeza inapopanda kwa 0.8 tu. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mshauri mwenye jedwali si riba itaelekea wapi. Ni nyongeza ya mkopo unaobadilika imefungwa kwa muda gani, na kifungu gani kinasema hivyo. Kama imefungwa kwa miaka yote mitano bila mkopeshaji kuwa na haki ya kuipitia au kudai mkopo mapema, jedwali lina ukweli ndani yake. Kama sivyo, punguza.

Upande wa Maghala hatari ni ya aina nyingine. Chukua mkataba wa moja kwa moja, ile 9, na tuseme Kamba inaanguka mwisho wa mwaka wa pili. Mtaji wa bilioni 10 haumo hatarini, maana haukubadilishwa mikono, na hilo linawafariji watu kupita kiasi. Kilichopotea ni ahadi ya kulipwa 9 kwa miaka mitatu iliyobaki. Kama riba za soko hazijabadilika, Maghala inatafuta mwenza mwingine na maisha yanaendelea. Lakini tuseme zimeshuka, na mwenza mpya wa miaka mitatu analipa 6 tu. Maghala inapoteza asilimia 3 kila mwaka, milioni 300, mara tatu ni milioni 900 kabla ya kupunguza thamani ya muda. Nafuu iliyokwisha kuingiza kwa miaka miwili ni milioni 200. Kama riba zimepanda badala yake, kuondoka kwa Kamba kungeipa Maghala nafasi ya kupata mwenza anayelipa zaidi. Ila hapo mkataba ni mali ya Kamba, na msimamizi wa ufilisi hataiacha mali hiyo iende bure. Ataidai. Kwa hiyo hasara inakuja upande mmoja tu, na inakuja hasa pale Kamba inapokuwa imebanwa kulipa tofauti kila baada ya miezi sita.

Sasa irudie ile 0.4 ya benki ya katikati. Kamba ikianguka mwaka wa pili na bei mpya ikiwa 6, benki bado inadaiwa na Maghala 8.8. Hasara ni 2.8 kwa mwaka, milioni 840 kwa miaka mitatu, dhidi ya milioni 80 ilizokusanya. Ili bei hiyo iilipe benki, lazima mikataba mingi ya aina hii iende salama kwa kila mmoja unaoanguka, au benki idai Kamba iweke dhamana inayoongezwa kila mkataba unapoegemea upande wa benki. Dhamana hiyo nayo ni fedha iliyofungwa, na haimo kwenye jedwali.

Je, tuseme basi nafuu yote ni kiini macho? Wapo wachambuzi wanaofika huko, na hoja yao ina mvuto: nafuu ya bure ikiwepo, watu wataikimbilia mpaka iishe, na kama haiishi basi si ya bure. Mimi siendi nao mpaka mwisho. Mkataba uliofungua biashara hii duniani, ule wa mwaka 1981 kati ya Benki ya Dunia na kampuni ya IBM, uliosimamiwa na Salomon Brothers, ulihusu sarafu na si aina za riba tu, lakini mantiki yake ni hii hii. Benki ya Dunia ilitaka madeni ya faranga za Uswisi na maki za Ujerumani, na ilikuwa imeshakopa sana kwenye masoko hayo. IBM ilikuwa na madeni ya sarafu hizo hizo na ikataka kurudi kwenye dola. Hapo bei zilitofautiana kwa sababu wawekezaji wa soko moja walishakuwa na karatasi nyingi za jina lilelile kabatini, siyo kwa sababu hatari ilifichwa. Kwetu sababu za namna hiyo zipo. Mifuko ya hifadhi ya jamii ina wajibu wa miaka mingi mbele, inapenda karatasi ndefu za riba isiyobadilika. Benki ya biashara inakopesha kwa amana ambazo mwenyewe anaweza kuja kuzichukua kesho, inapenda riba inayobadilika. Kampuni yenye jina kubwa inafika kwenye mifuko hiyo. Kampuni ya Korogwe inafika benki tu. Sehemu ya asilimia 2 inayotokana na milango hiyo tofauti ni nafuu ya kweli, na kuitumia si ujanja.

Na upo mtu mmoja ambaye ule mlango wa nyongeza unamfaa badala ya kumdhuru: mkopaji anayejua kwamba atakuwa bora kesho kuliko mkopeshaji anavyomdhania leo. Tuseme Kamba ina mashine mpya njiani na ina mikataba ya mauzo ambayo benki haijaitilia maanani. Ikikopa kwa 15.5 isiyobadilika, imefunga bei ya sifa mbaya kwa miaka mitano. Ikikopa kwa inayobadilika na kubadilishana riba, imefunga sehemu ya soko na kuacha sehemu yake yenyewe iweze kushuka. Nyongeza ikishuka hadi 4.5 mwaka wa tatu, gharama yake inakuwa 13.7. Huyu hapati nafuu kwa bahati. Amebeba hatari yake mwenyewe kwa sababu anaijua kuliko mtu mwingine yeyote, na amelipwa kwa kuibeba. Shida ni kwamba kila mkopaji hujiona ndiye huyo.

Kutokana na hayo, mgawo wa nusu kwa nusu unabadilika sura. Maghala ikifanya mkataba na Kamba moja kwa moja, bila benki katikati na bila dhamana, imeibeba hatari ya Kamba kuanguka, na 9 haitoshi kuilipa, ikidai 9.6 haina uchoyo. Lakini Kamba, ambayo nyongeza yake iko wazi, nayo ina sababu ya kusema 9 ni nyingi, kwa kuwa nafuu yake ya asilimia moja ina shimo chini. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na hapo tunagundua kwamba sahani ilikuwa ndogo kuliko jedwali lilivyosema. Kama tukihesabu kwamba asilimia 1 kati ya zile 2 ni bei ya mlango wa mkopeshaji, kinachogawanywa kweli ni milioni 100 kwa mwaka na si 200, na hapo gharama za mwanasheria, za dhamana na za mhasibu anayejua kuuandika mkataba huu kwenye vitabu zinaanza kuonekana. Kwa mkopo wa bilioni 10 huenda bado inalipa. Kwa mkopo wa bilioni moja, sidhani.

Limebaki suala la taasisi za umma, kwa sababu nimeanza kusikia hata jina la hatifungani yetu ya maji likitajwa: kwamba kwa vile riba ya Benki Kuu imeshuka, mamlaka ingebadilisha 13.5 yake iwe inayobadilika ili ishuke nayo. Kwa maoni yangu hilo ni wazo baya, hata tukiacha kwamba robo ya asilimia haikuisogeza sana bei ya fedha za miaka kumi. Wenye hatifungani wangeendelea kulipwa 13.5 vilevile; mkataba ungekaa juu yake kama deni la pili. Mapato ya mamlaka ni ankara za maji, na bei za maji zinaidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za maji, kwa utaratibu wake, hazipandi wala hazishuki na riba za soko. Mwenye mapato yasiyofuata riba hana sababu ya kuwa na deni linalofuata riba. Maghala ilikuwa na akiba kwenye dhamana za muda mfupi; mamlaka ya maji ina mabomba.

Ipo na hatari ambayo mwenza wa taasisi ya umma ndiye anayeibeba. Halmashauri ya Hammersmith na Fulham, London, miaka ya 1980 iliingia mikataba mingi ya riba ya thamani ya mabilioni ya pauni, ikitegemea riba kushuka. Riba zikapanda. Januari 1991 mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, Baraza la Malodi, iliamua kwamba halmashauri haikuwa na mamlaka ya kisheria ya kuingia mikataba hiyo kabisa, na kwamba mikataba ilikuwa batili tangu mwanzo. Mabenki yaliyodhani yanadai yakakuta hayana mkataba wa kudai kwao, na kesi za kurudishiana fedha zikaendelea kwa miaka. Hakuna jedwali la faida linganishi lenye safu ya swali hilo. Kwa hiyo mtu yeyote atakayepeleka pendekezo la namna hii kwenye bodi ya taasisi ya umma hapa Tanga, kabla ya kufungua ukurasa wa asilimia, aweke mezani kifungu cha sheria kinachoipa taasisi hiyo uwezo wa kusaini, na maandishi ya idhini kutoka kwa anayepaswa kuitoa.

Kwa kampuni binafsi orodha ya kuuliza ni fupi. Nyongeza ya mkopo unaobadilika imefungwa hadi lini? Mkopo na mkataba wa kubadilishana vinatumia riba rejea ileile, inayosomwa siku ileile, au mmoja unasoma Januari na mwingine Machi? Na ukilipa mkopo mapema, mkataba unafanyaje? Hili la mwisho ndilo huwashangaza watu zaidi. Mkopo unaweza kuumaliza kwa faini ndogo ukipata fedha, lakini mkataba wa kubadilishana unaendelea kuishi bila mkopo nyuma yake, na kuuvunja kunataka ulipe thamani yake ya siku hiyo. Kwa Kamba ambayo imefunga 9 na bei ya soko imeshuka hadi 6, ikiwa imebaki miaka mitatu, thamani hiyo inakaribia zile milioni 900 tulizokwisha kuzihesabu, safari hii zikitoka mfukoni mwake siku ileile inayomaliza deni lake.